Nilichomfupishia Dada

Mimi ni mtu wa haraka. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na sioni kwa nini nimbishie. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanawake pale Sumbawanga, na haraka ile ilinisaidia sana kazini. Kufunga kidonda, kupima joto, kumgombeza mgonjwa anayeficha ugali chini ya mto, yote niliyafanya mbiombio, na wagonjwa wakanizoea. Walijua nikifoka sijachukia.

Ilikuwa karibu na katikati ya miaka ya themanini. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa bado vipo na wenyeviti wake, sabuni tulikuwa tunagawiwa, na kama hospitali ilikuwa na shuka za kutosha wiki hii basi wiki ijayo haikuwa nazo. Tulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji, mgeni kutoka ng'ambo, kijana mrefu anayeinama kila mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha "inauma wapi." Jambo zito alilisema kwa Kiingereza, nami nikaligeuza. Wakitoka mjini niligeuza kwa Kiswahili, wakitoka vijijini niligeuza kwa Kifipa, maana mimi ni Mfipa wa kuzaliwa kijiji cha Mwazye. Hakuna aliyenifundisha ukalimani. Niliambiwa tu, "Sista, mwambie," nami nikamwambia.

Sasa niseme ukweli wangu mapema. Nilikuwa nafupisha. Daktari anasema maneno kama mtu anayesoma gazeti zima, mimi nampa mgonjwa sentensi mbili. Anasema, "Kuna uwezekano huu, na huu, na hatari yake ni hii," mimi nasema, "Mama, tutakupasua, utapona, usile kitu asubuhi." Niliona natenda wema. Mtu ametembea siku nzima na maumivu, ya nini kumjaza kichwa?

Dada yangu alikuja mwezi wa sita, baada ya mavuno ya mahindi. Yeye ndiye mkubwa wetu, alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, na mpaka leo nikiwaza mama namwona yeye. Alikuwa mkulima Mwazye, mwenye mume na watoto watano walio hai. Alikuja na lori, amejifunga kanga tatu kwa ajili ya baridi, akakaa kwenye kitanda changu nyumbani na kabla sijamaliza kusema "Shikamoo, dada," alinishika mkono akauingiza ndani ya blauzi yake.

"Marahaba. Hiki nini?"

Titi la kushoto, upande wa juu kuelekea kwapani. Kidogo kama punje ya karanga, kigumu, hakiumi. Nilikibonyeza nikajua, ingawa hakuna anayejua kwa kidole. Nilimwambia, "Ni kijitezi tu, kesho tutamwona daktari," nikaenda jikoni nikasimama mbele ya maji yanayochemka bila kuyafanyia chochote.

Daktari alikata kipande kidogo cha kile kijitezi, kikawekwa kwenye chupa ya dawa na kupelekwa maabara kubwa, mbali. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Dada alirudi kijijini akapeta ulezi wake. Karatasi ilipofika niliisoma mimi kwanza, nimesimama koridoni, na ilisema kile ambacho mkono wangu ulikuwa umeshaniambia. Saratani. Nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori.

Dada akaja, akalazwa, na kwenye kitanda cha jirani yake wodini alilala mwalimu wa sekondari, mwanamke wa Kinyakyusa kutoka Mbeya aliyehamishiwa kwetu na serikali, Mlutheri, mwenye watoto wawili wadogo na miwani aliyoifunga kwa uzi. Naye alikuwa na ugonjwa uleule, titi la kulia, uvimbe mdogo vilevile. Walikutana hivyo tu, kwa bahati ya vitanda, na siku ya pili walikuwa wameshaanza kutaniana, mmoja anamwita mwenzake "jirani wa shamba."

Daktari alianza na mwalimu. Yeye hakuhitaji mkalimani, wakaongea Kiingereza wenyewe, mimi nimesimama pembeni na faili. Kwa hiyo nilisikia yote. Alimwambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa titi zima pamoja na tezi za kwapani. Ya pili ni kuondoa uvimbe tu na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa unaouzunguka, na tezi za kwapani vilevile, titi libaki, halafu kidonda kikipona mgonjwa aende Dar es Salaam akapigwe mionzi, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Mionzi si ya hiari katika njia hiyo. Bila mionzi, ugonjwa unarudi mara nyingi zaidi katika titi lililobaki.

Mwalimu akamuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza. "Ipi inaniacha hai?"

"Kwa uvimbe mdogo kama wako," daktari akasema, "zote mbili sawa." Akaeleza kwamba zamani wote waliamini ukikata zaidi unaokoa zaidi, hata misuli ya kifua walikuwa wanaondoa. Ndipo madaktari wa nchi za nje wakalipima jambo hilo kwa wanawake wengi, wakawafuata kwa miaka, na waliobaki hai hawakutofautiana. Waliobakiza titi, wachache ugonjwa uliwarudia palepale, ikabidi likatwe baadaye, lakini hata hivyo kwa jumla hawakufa zaidi ya wenzao. Hakumficha kitu. Alisema miaka waliyofuatwa bado si maisha mazima, na wataendelea kufuatwa.

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Na sikuamini. Mimi nilifundishwa na matroni aliyekuwa anasema kansa ni mwizi, ukimkuta sebuleni unavunja nyumba. Nilikuwa nimewaona waliokuja wamechelewa, titi limeoza, nimewasafisha, nimewafunga shuka walipokufa. Leo mtu ananiambia uache nusu ya kitu halafu umpe mtu nauli?

Akageuka kwa dada. Akasema maneno yaleyale, mwanzo mpaka mwisho, kwa utaratibu, akinitazama mimi. Alipomaliza akasema, "Sista, mwambie."

Nikamwambia kwa Kifipa, "Dada, ni ile kansa. Bado ndogo, Mungu amesaidia. Dawa yake ni kukata titi. Alhamisi."

Basi. Hivyo tu.

Dada alinitazama. Akauliza, "Amesema maneno yote yale, ndiyo haya?"

"Kizungu ni kirefu," nikamjibu.

Daktari aliuliza amekubali? Dada aliitikia kwa kichwa, na daktari akaandika. Nilijisikia nimemwokoa dada yangu, wallahi, nilijisikia hivyo. Sikuwaza hata kidogo kwamba nimemwibia. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa fupi: dada ni mkulima, hana waranti ya kusafiri bure kama mwalimu wa serikali, hajawahi kutoka nje ya mkoa wetu, Dar atalala wapi, atakula nini, atapotea. Habari za mionzi ni za watu wa ofisini. Na chini ya hayo yote kulikuwa na hofu yangu mimi, niliyoiita uzoefu.

Siku ya Alhamisi nikaja kumwandaa. Nilimkuta amevaa gauni la upasuaji, nywele amezifunga kitambaa, amekaa wima kitandani. Mwalimu pembeni yake alikuwa ameangalia ukutani.

"Jirani yangu ananiuliza nimechagua ipi," dada alisema. Alisema kwa Kiswahili, ili mwalimu asikie. "Mimi nikamwuliza, ipi na ipi?"

Nikaanza, "Dada, hebu..."

"Ipi na ipi?"

Nikaanza kunyoosha shuka iliyokuwa imeshanyooka. Dada akavua kile kitambaa cha kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza.

"Sipasuliwi leo. Mwite daktari."

Daktari alikuja amevaa kofia ya chumba cha upasuaji. Mwalimu ndiye aliyemweleza, kwa Kiingereza, polepole, bila kunisema vibaya, na hilo liliniuma kuliko kama angenisema. Daktari aliniangalia. Uso wake wote ulipanda wekundu. Nilitegemea atafoka, ningefoka naye nikapoa. Hakufoka. Alivuta stuli, akakaa ili awe sawa na dada, akaniambia, "Tunaanza upya. Sentensi moja mimi, sentensi moja wewe. Na mwalimu atamwuliza mgonjwa kwa Kiswahili ameelewa nini."

Basi nikageuza, sentensi kwa sentensi, mbele ya wagonjwa wangu, kama mwanafunzi anayesomeshwa kwa nguvu. Kifipa changu kilikuwa kinakwama. Mahali hapana neno nilizunguka nikalieleza, na daktari alisubiri. Ilichukua karibu saa nzima. Kumbe inawezekana.

Dada aliuliza maswali ambayo sijawahi kusikia mgonjwa akiuliza. Alitaka kujua wale wanawake wa ng'ambo waligawanywaje. "Maana kama walio na nguvu ndio walibakiziwa titi, na wagonjwa hoi ndio waliokatwa, hapo mtakuwa mmejidanganya."

Nilipogeuza hilo, daktari alisogeza stuli karibu zaidi. Akasema waligawanywa kwa kura. Si daktari aliyechagua, wala mgonjwa. Waliombwa kwanza, waliokubali wakapigiwa kura.

"Ah," dada akasema. "Kama mashamba."

Ikabidi nimweleze daktari. Kijiji cha dada kilipoanzishwa, mashamba yaligawiwa kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia ya mwenyekiti, kila kaya inatia mkono. Hivyo wa bondeni na wa kwenye mawe hawakuwa na wa kumlaumu, na mavuno yakipishana, watu walijua ni udongo, si upendeleo. Daktari alicheka kwa furaha mpaka akavua kofia. Alisema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Dada hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Na mimi mtanipigia kura?"

"Hapana," daktari alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Wewe chagua."

Alimweleza pia masharti. Kwake yeye njia ya pili inafaa kwa sababu uvimbe ni mmoja, ni mdogo, na hana mimba. Nyama ya ukingoni itapimwa, na ikikutwa na ugonjwa atarudi mezani. Na kubwa kuliko yote ni kwamba, kama hataweza kufika Dar na kumaliza mionzi yote, basi njia ya kwanza ndiyo bora kwake, asidanganyike. Titi zima likiondolewa kwa uvimbe kama ule, huenda mionzi isihitajike kabisa, na angekuwa nyumbani baada ya wiki mbili.

Dada aliomba siku tatu. Alirudishiwa nguo zake. Kwa siku hizo tatu hakunisemesha. Nikileta uji aliupokea, "asante, sista," kama mtu yeyote. Sista! Huyu aliyenifuta kamasi. Nilienda nikalia kwenye stoo ya mashuka, nikatoka nikamgombeza mfagiaji asiye na kosa.

Shemeji yangu, mume wa dada, alifika Jumamosi kwa miguu na kwa lori. Ni mtu mpole asiyependa mikutano, siku zote alikuwa anakaa nyuma. Aliposikia habari zote alikaa akizungusha kofia mkononi.

"Mimi naona tukate," alisema. "Kisiki ukikichimba nusu, kinachipua."

"Mimi si kisiki," dada akamjibu.

"Sikusema wewe. Nasema ugonjwa."

"Ameeleza habari ya kuchipua. Ndiyo kazi ya hiyo mionzi. Ulikuwa husikilizi?"

Shemeji alinigeukia mimi aniokoe, maana siku zote nilikuwa upande wake. Na mimi, baada ya aibu yote ile, bado sikuweza kujizuia. Nikamwambia dada, kwa sauti ya kubembeleza ambayo hata mimi niliichukia, "Lakini dada, kwa umri wako, titi la nini? Umeshanyonyesha, umemaliza. Kwa nini ujitese na safari?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Nalitaka," alisema.

"Lakini kwa nini?"

"Nalitaka tu. Ni langu. Kumbe mpaka nikutolee sababu?"

Hakuna kitabu cha uuguzi kilichokuwa kimeniambia kwamba hilo ni jibu kamili. Niliona mabega ya shemeji yanashuka, akavaa kofia yake. Akasema, "Basi mimi nikatafute barua ya mwenyekiti, ya kwenda Dar."

Mwalimu naye alichagua wiki hiyohiyo. Mimi nilijua atakwenda Dar, ana waranti, ana shangazi wa kufikia, ana Kiingereza. Alichagua kukatwa. Nilishangaa nikamwuliza, safari hii kwa adabu. Alisema ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hataki kumwacha wiki zote hizo, na anajijua, kila akioga angekuwa analibonyeza lile titi akimtafuta adui. "Mwenzangu ana moyo wa kuishi nalo. Mimi nataka kulala usingizi." Alilia kidogo, akafuta miwani, akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi aliyoletewa kitandani. Nami nikatambua kuwa kila nilichokuwa nimewaamulia wale wawili kichwani mwangu nilikuwa nimekosea, wote wawili.

Walipasuliwa wote wawili katika wiki moja. Ukingo wa nyama ya dada ulipimwa, ukarudi safi, na tezi zake za kwapani zilikuwa safi. Za mwalimu pia. Niliwafundisha wote wawili kupandisha mkono ukutani kwa vidole, kidogo kidogo kila siku, ili bega lisikaze, na walishindana kama wasichana. Dada alinisemesha sasa, lakini kwa mambo ya kidonda tu.

Safari ikapangwa. Barua ya rufaa aliiandika daktari. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ilisema huyu ni mkulima halali, si mzururaji, maana siku hizo Dar walikuwa wakiwakamata wasio na kazi na kuwarudisha mashambani, na mwanamke wa kijiji asiye na karatasi angeweza kujikuta kwenye karandinga la polisi akiwa na mshono kwapani. Shemeji alimsindikiza mpaka Mbeya kwa basi, kutoka pale alipanda treni peke yake. Alikataa nimsindikize. Nilisimama stendi na kikapu cha viazi nilivyomchemshia, akavipokea, akapanda. Vumbi likafunika basi.

Wiki hizo zilikuwa ndefu. Barua moja tu ilifika, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Ilisema amechorwa mistari ya wino kifuani na ameambiwa asiifute, kwa hiyo anaoga vipande vipande. Kwamba mashine haiumi, dakika chache tu umelala peke yako chumbani, watu wote wametoka, nayo inanguruma. Kwamba anachoka kuliko kulima. Na kwamba Dar kuna joto la ajabu, na watu wake hawasalimii.

Mvua za kwanza zilikuwa hazijanyesha aliporudi. Alifikia kwangu, amekonda, ametulia. Nilimwandalia maji ya moto na akaniita bafuni nimwangalie ngozi. Titi lilikuwepo. Limekuwa jeusi kuliko lile lingine, dogo kidogo, chini yake ngozi imebabuka na kuanza kujifunga, na kovu lake jembamba pale juu. Nilimpaka mafuta kwa kidole kimoja.

"Dada, nisamehe."

Aliniacha nimalize kupaka. Kisha akajifunga kanga.

"La kunificha nimelisamehe," alisema. "Hata usingesema nilikuwa nimeshasamehe, kwenye treni. Uliogopa. Ungekuwa wewe mgonjwa, labda mimi ningefanya hivyohivyo."

"Asante."

"Ngoja. Sijamaliza. Kule nililala na wanawake wa Kigoma, wa Lindi, wa wapi sijui. Wengine hawajui hata kusoma, kama mimi. Kila mmoja kuna mtu alimwambia njia ziko ngapi. Mimi ninaye ndugu wa tumbo moja ndani ya wodi, na nimeambiwa na Mnyakyusa wa kitanda cha pili. Sasa nataka kukuuliza."

"Niulize."

"Hao wasio na ndugu wodini. Na hawakulazwa karibu na mwalimu. Umewafupishia wangapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba daktari yule alikuwa na miaka miwili tu kwetu, kwamba wengi walikuja wamechelewa na hawakuwa na la kuchagua, na hayo yote yalikuwa kweli. Lakini nilijua. Mmoja nilimkumbuka hata kwa sura. Mwanamke wa kijiji cha Mollo, mwaka uliotangulia, mpole, kila ulichomwambia anasema ndiyo. Uvimbe mdogo. Daktari alikuwa amesema maneno marefu siku ile, nami nilimwambia, "Mama, tutakata, utapona."

Dada aliniangalia usoni akaona. Akaniachia nafasi ya kupita mlangoni.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda Mollo kwa miguu. Si mbali. Nilimkuta shambani na jembe, anasambaza matuta yetu ya Kifipa, ya majani yaliyofukiwa yakaoza, ili apande, blauzi yake imelala upande mmoja. Alinitambua kutoka mbali. Alifurahi kweli, aliacha jembe akaja kunipokea kwa mikono miwili, akawaita watoto waje wamwone sista aliyemponya mama yao.

Niliwaomba watoto warudi nyumbani. Tukakaa kwenye ukingo wa shamba. Nikamwambia kwa Kifipa yote, sentensi kwa sentensi, jinsi daktari alivyoyasema siku ile. Njia ya kwanza, njia ya pili. Dar, mionzi, wiki zake, na ugonjwa unaoweza kurudi. Nikamwambia kwamba kukatwa hakukumpunguzia siku za kuishi, kulikuwa tiba sahihi, na wengi wangeichagua. Na nikamwambia kwamba haikuwa yangu kumchagulia.

Alisikiliza huku anapukuta udongo kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo ningeweza kubaki nalo."

"Ndiyo, mama."

"Na ningeishi vilevile."

"Kwa kadiri wanavyojua, vilevile."

Hakulia. Aliangalia matuta yake. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kwa sauti ileile ya mtu anayesema ndiyo kwa kila jambo:

"Kumbe unajua kuongea hivi, sista? Mbona siku ile hukuongea hivi?"